Mafaili, logi, au vyote pamoja? Njia tatu za kupanga mfuatano wa uvamizi kwenye seva ya Windows

Una nakala kamili ya diski ya seva iliyovamiwa. Mkuu wa ofisi anataka kujua aliingia nani, saa ngapi, na alichukua nini. Sasa umekwama mwanzoni kabisa: uanze na mihuri ya saa ya mafaili, uanze na logi za Windows, au uchote kila kitu kwa pamoja upate mfuatano mmoja mkubwa? Njia zote tatu zina wafuasi wao, na zote zinafanya kazi. Tofauti ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na kila moja ina mahali inapokuficha jambo bila wewe kujua.

Nitazilinganisha kwa mfano mmoja. Mfano wenyewe nimeutunga kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika kazi hii, ili tuone tukio lilelile kwa macho matatu.

Seva ni ya Windows, iko Afrika Mashariki, na inaendesha tovuti ya ofisi kwa IIS, programu ya Microsoft ya kuhudumia tovuti. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 10 Machi 2024, mvamizi alipita kwenye ukurasa wa kupakia nyaraka akaweka faili `help.aspx`, ukurasa wa mlango wa nyuma unaopokea amri zake. Akairudisha nyuma mihuri ya saa ya faili hilo ili lionekane la mwaka 2021. Kisha akafungua akaunti aliyoiita `svc_backup`, akaingia nayo kwa mbali hadi kwenye skrini ya seva, akafunga nyaraka katika faili moja, akalifuta baadaye, na mwisho akafuta logi ya usalama.

## Kwanza, saa

Kabla ya kuchagua njia yoyote, amua utaandika kwa saa gani. NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, huhifadhi saa kwa UTC. Logi za Windows nazo huhifadhiwa kwa UTC, lakini ukizifungua kwa kidirisha cha Windows zinaonyeshwa kwa saa ya kompyuta unayotumia. Logi za IIS za muundo wa W3C zimeandikwa kwa UTC, na hata jina la faili lenyewe linafuata tarehe ya UTC.

Hapa kwetu tofauti ni saa 3, na inatosha kumpoteza mtu. Tukio la saa 02:14 alfajiri ya Jumapili tarehe 10 kwa saa zetu ni 23:14 Jumamosi tarehe 9 kwa UTC. Ukifungua `u_ex240310.log` kutafuta ombi hilo hulipati, kwa sababu limo katika `u_ex240309.log`. Wapo waliohitimisha kwamba mvamizi hakupitia tovuti, kumbe walifungua faili la siku isiyo yake.

Ongeza na lugha yetu. Mlinzi akikwambia taa za chumba cha seva ziliwaka "saa nane usiku," anamaanisha 02:00, yaani 23:00 UTC ya siku iliyotangulia. Akiandika karani mwingine "8:00" kwenye maelezo, umepoteza saa sita papo hapo. Na "usiku wa Jumapili" kwa wengine ni usiku unaoingia Jumapili, kwa wengine ni ule unaofuata mchana wake. Muulize shahidi: ni usiku wa kuamkia lini? Kisha andika jibu kwa UTC, na pembeni uweke maneno yake kama alivyoyasema.

Pia pima saa ya seva dhidi ya saa sahihi siku unapochukua nakala, uandike tofauti. Kama seva ilikuwa nyuma kwa dakika 4, kila mstari utakaoulinganisha na logi za kifaa kingine utahitaji hizo dakika 4.

## Vigezo

Nitaipima kila njia kwa maswali manne. Inahitaji muda na vifaa gani? Inaona nini na haioni nini? Mvamizi anaweza kuidanganyaje, na utajuaje? Na mwisho, ukishaipata, inasomeka?

## Njia ya kwanza: mihuri ya saa ya mafaili

Muda na vifaa. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Vifaa vya The Sleuth Kit ni vya bure, na kwa diski ya kawaida unasubiri dakika, siyo nusu siku. `mmls` inakupa mahali kizigeu kinapoanza, `fls` inachota rekodi za mafaili, `mactime` inazipanga kwa wakati.

```
fls -r -m C:/ -o 1187840 seva.dd > body.txt
mactime -b body.txt -d -z UTC 2024-03-09..2024-03-11 > mafaili.csv
```

Namba baada ya `-o` ni ya diski ya mfano. Yako utaipata kwa `mmls`.

Inaona nini. Kila faili la NTFS lina mihuri minne, ambayo `mactime` huionyesha kwa herufi `macb`: m ni yaliyomo kubadilika, a ni kusomwa, c ni rekodi ya faili kubadilika, b ni kuzaliwa kwa faili. Katika mfano wetu, njia hii inatuonyesha folda ya kupakia nyaraka ikibadilika 23:14:08, kisha folda ya `C:\Users\svc_backup` ikizaliwa 23:33:41, kisha faili la nyaraka zilizofungwa likizaliwa 23:44:19, lenye alama ya kwamba limefutwa.

Folda hiyo ya mtumiaji ndiyo zawadi kubwa. Windows huiunda mara ya kwanza akaunti inapoingia kwenye mashine. Kwa hiyo hata kama logi ya usalama imefutwa yote, kuzaliwa kwa folda kunakwambia mtu huyo aliingia kwa mara ya kwanza lini.

Lakini njia hii haijui mtu. Haikwambii ombi lilitoka anwani gani, wala ni akaunti ipi iliyoendesha amri. Pia kila muhuri unabeba mara ya mwisho tu: faili likibadilishwa mara kumi, m moja ndiyo inayobaki. Na faili lililofutwa halina muhuri wa kufutwa ndani ya rekodi yake. Kuipata saa ya kufutwa inabidi usome jarida la mabadiliko la NTFS, `$UsnJrnl`, ambalo hujiandika juu ya yaliyopita likijaa, kwa hiyo kwenye seva yenye shughuli nyingi huenda linabeba siku chache tu.

Inadanganywaje. Hapa panahitaji utulivu, maana ndipo watu wengi wanapokosea kwa pande zote mbili.

NTFS huweka mihuri ya faili mahali pawili. Seti ya kwanza iko katika `$STANDARD_INFORMATION`, na ndiyo unayoiona ukifungua sifa za faili. Programu yoyote yenye ruhusa inaweza kuibadilisha. Seti ya pili iko katika `$FILE_NAME`, na hii huandikwa na Windows yenyewe faili linapoundwa, linapopewa jina jipya au linapohamishwa. Mvamizi wetu alitumia PowerShell kubadilisha kuzaliwa, kubadilika na kusomwa kwa `help.aspx`. Matokeo ni haya:

```
$STANDARD_INFORMATION  b  2021-06-15 08:00:00.000000000
                       m  2021-06-15 08:00:00.000000000
                       c  2024-03-09 23:15:02.774109300
$FILE_NAME             b  2024-03-09 23:14:08.331884200
```

Soma polepole. Muhuri wa c haukurudi nyuma, kwa sababu amri za kawaida za kubadilisha saa haziugusi. Unabaki ukionyesha wakati ule ule wa udanganyifu. Seti ya pili inaonyesha kuzaliwa halisi. Na sehemu ndogo za sekunde katika seti ya kwanza ni sifuri tupu, jambo ambalo ni nadra kwa faili lililozaliwa kawaida, kwani NTFS huhesabu kwa vipande vya nanosekunde 100. `mactime` inaishia kwenye sekunde, hivyo sifuri hizo utaziona kwa `istat` ukimpa namba ya rekodi ya faili.

Sasa upande wa pili. Seti mbili kutofautiana peke yake siyo ushahidi wa udanganyifu. Programu ikisakinishwa, au faili likitolewa kwenye kifurushi cha zip, mara nyingi hubeba saa ya zamani ya m, na pengine ya b, huku `$FILE_NAME` ikiwa ya leo. Faili la zip halina hata sehemu ndogo za sekunde katika muundo wake wa msingi, kwa hiyo sifuri zitakuwepo bila hila yoyote. Nimeona ripoti iliyomtuhumu mtu kwa mamia ya mafaili "yaliyochezewa" ambayo yote yalikuwa ya kisakinishi kimoja. Ukishuku, tazama majirani: kama faili 200 zimeingia sekunde ileile kwenye folda ileile ya programu, ni usakinishaji. `help.aspx` ilikuwa peke yake. Na kinyume chake, mvamizi mjuzi anaweza kubadilisha mihuri kisha akalipa faili jina jipya, na Windows ikanakili saa za uongo hadi kwenye seti ya pili. Hapo jarida la mabadiliko ndilo linalobaki kusema kweli.

Inasomeka? Ndiyo, ukibana dirisha la muda. Tatizo ni sasisho za Windows: likiwa limepita usiku uleule, litajaza maelfu ya mistari katikati ya simulizi yako.

Inamfaa mwenye diski lakini asiye na logi, mwenye kompyuta ndogo, na anayetaka kujua haraka kitu gani kiliwekwa wapi.

## Njia ya pili: logi za Windows peke yake

Muda na vifaa. Hata diski nzima huhitaji. Folda ya `C:\Windows\System32\winevt\Logs` inatosha, na hiyo inaweza kuletwa kwa mtandao kutoka tawi la mbali wakati nakala ya diski ingechukua siku. Hayabusa, kifaa cha bure cha kikundi cha Yamato Security cha Japani, huzipitisha logi hizo kwenye kanuni za Sigma, ambazo ni kanuni za wazi za kutambua dalili za uvamizi ndani ya logi, na kutoa orodha iliyopangwa kwa wakati na kwa uzito wa tukio.

```
hayabusa csv-timeline -d ./Logs -o matukio.csv --UTC -w
```

Inaona nini. Inaona watu na vitendo: 4624 ni kuingia kulikofaulu, 4625 kulikoshindwa, 4720 akaunti mpya, 7045 huduma mpya kusakinishwa, 1102 logi ya usalama kufutwa. Hiki ndicho kitu ambacho mihuri ya mafaili haiwezi kukupa.

Katika mfano wetu, logi ya usalama inaanza na 1102 ya saa 23:52, na tukio hilo lenyewe limebeba jina la aliyefuta: `svc_backup`. Yote ya kabla yake, pamoja na 4720 na 4624, hayapo. Mchunguzi mgeni hukata tamaa hapa. Lakini Windows ina logi nyingi zaidi ya ile moja, na wavamizi wengi hufuta zile zinazojulikana tu. Logi ya `TerminalServices-LocalSessionManager` ilibaki, na ndani yake tukio namba 21 la saa 23:33:40 linasema `svc_backup` aliingia kwa mbali kutoka anwani 127.0.0.1.

Anwani hiyo ni seva yenyewe. Hakuna anayejiingilia kwa mbali kutoka mashine ileile kwa kazi ya kawaida. Maana yake ni kwamba mawasiliano yalipitishwa kwenye njia ya ndani iliyochimbwa na mvamizi. Hivyo usimtafute mkosaji ndani ya ofisi. Tafuta nani alikuwa akizungumza na seva kutoka nje dakika zile.

Isichoona ni mlango alioingilia. Hayabusa husoma logi za Windows za muundo wa EVTX. Logi za IIS ni maandishi ya kawaida, na haizigusi. Ukiishia hapa, ripoti yako itaanza saa 23:33, dakika 19 baada ya uvamizi kuanza, na tundu kwenye ukurasa wa kupakia nyaraka litaachwa wazi.

Inadanganywaje. Kubwa si uongo, ni ukimya. Logi ikijaa, matukio ya zamani yanafutwa kupisha mapya. Windows huzipa logi nyingi ukubwa wa MB 20 au chini ya hapo, na mashambulizi ya kubahatisha nywila yanaweza kuzijaza kwa 4625 kwa muda mfupi sana. Mambo mengine hayaandikwi kabisa hadi msimamizi ayawashe: 4688, inayoandika kila programu inapoanza, imezimwa kwa kawaida. Kabla hujaandika "hakuna dalili," angalia tukio la kwanza kabisa katika kila logi ni la lini. Kama logi inaanza jana, haina la kusema kuhusu wiki iliyopita.

Inasomeka? Kuliko zote. Mistari ni michache na imeelezwa. Hatari ndogo ni kuamini uzito uliopangwa na kanuni: tukio 21 huja kama taarifa ya kawaida, na ukichuja yenye uzito wa juu peke yake utalipoteza.

Inamfaa mwenye mashine nyingi za kukagua kwa wakati mmoja, au anayehitaji jibu la awali kabla ya jioni.

## Njia ya tatu: kila kitu kwa pamoja

Muda na vifaa. Plaso, iliyotokana na log2timeline ya Kristinn Gudjonsson, hufungua nakala ya diski na kuchota saa kutoka mafaili, logi za Windows, rejista, historia za vivinjari na vingine vingi, ikaviweka katika hifadhi moja. Kwa diski ya mamia ya GB tarajia saa nyingi, kompyuta yenye nguvu, na nafasi ya kutosha. Umeme ukiwa wa kukatika, weka chelezo ya umeme kabla hujaanza.

```
log2timeline.py --storage-file seva.plaso seva.dd
pinfo.py seva.plaso
psort.py -o l2tcsv -w dirisha.csv --slice "2024-03-09T23:14:08+00:00" --slice_size 20 seva.plaso
```

Inaona nini. Inaona mshono kati ya vitu ambavyo njia nyingine zinaviona kando kando. Ombi la kupakia katika logi ya IIS ni la 23:14:07, lina anwani ya nje. Sekunde moja baadaye faili linazaliwa. Kuingia kwa mbali ni 23:33:40, folda ya mtumiaji inazaliwa 23:33:41. Vyanzo viwili visivyojuana vikisema jambo moja kwa tofauti ya sekunde, hapo ndipo unaweza kusimama mbele ya mkuu au mahakama ukaeleza bila kusitasita.

Inadanganywaje. Hapa anayekudanganya mara nyingi ni mpangilio wako mwenyewe. Plaso huchota kwa kutumia visomaji, na orodha ya visomaji hubadilika kulingana na mfumo inaoukuta na toleo ulilonalo. Ukisoma mihuri ya kawaida ya mafaili bila kisomaji cha MFT, jedwali ambamo NTFS huweka rekodi za mafaili, huipati seti ya `$FILE_NAME`. Katika hali hiyo kuzaliwa kwa `help.aspx` kutakaa kwa utulivu mwaka 2021, na katika dirisha lako utaona mstari mmoja mdogo wa c. Ni rahisi kuupita.

Ndiyo maana nimeweka `pinfo.py` kabla ya kutoa orodha. Inaonyesha kila kisomaji kimetoa matukio mangapi. Kama MFT haimo, au IIS haimo ilhali unajua seva ilikuwa na tovuti, rudia kazi ukitaja visomaji mwenyewe. Majina yao utayapata kwa `log2timeline.py --parsers list`.

Mtego mwingine: saa zilizomo si zote za kitu kimoja. Rekodi za ShimCache, orodha ya programu ambayo Windows huiweka kwenye rejista, kwa mfano, hubeba saa ya faili kubadilika, wala si saa ya programu kuendeshwa. Zikipangwa katika orodha moja na mengine, jicho linazisoma kama vitendo. Kila mstari unaouingiza kwenye ripoti, jiulize: saa hii ni ya nini?

Inasomeka? Bila kichujio, haisomeki. Orodha ya diski moja hufika mamilioni ya mistari. Inahitaji saa ya kuanzia. Kwa `--slice` hapo juu tumechukua dakika 20 kabla na baada ya kuzaliwa kwa `help.aspx`, na hata hizo ni kazi ya mchana mzima.

Inamfaa mwenye mashine moja muhimu, swali gumu, na muda.

## Kwa hali yako

Kama una mashine 40 na hujui ipi imeguswa, anza na logi zote kupitia Hayabusa. Ukipata mbili au tatu zenye dalili, hizo ndizo za kuchukuliwa nakala ya diski.

Kama logi zimefutwa, au seva ilikuwa haijawekewa utaratibu wa kuzitunza, mihuri ya mafaili ndiyo tegemeo lako. Anza na folda za watumiaji zilizozaliwa karibuni na folda za tovuti, na soma seti zote mbili za mihuri.

Kama jambo linaelekea polisi au mahakamani, au kuna mfanyakazi atakayetuhumiwa, tumia Plaso hata kama itachukua siku mbili. Tafuta vyanzo viwili kwa kila tukio zito, na uhifadhi alama ya hashi ya nakala ya diski kabla hujagusa chochote.

Kama uvamizi ulipita kwenye tovuti na una masaa machache tu, usingoje Plaso. Fungua logi za IIS kwa mkono, tafuta maombi ya POST yaliyofaulu kwenye kurasa za kupakia, kisha uilinganishe saa ya kila moja na mafaili yaliyozaliwa kwenye `mactime`. Kazi hiyo inawezekana kwa kompyuta ya kawaida, na ingeifikia `help.aspx` siku ileile.

Na kama mvamizi bado yumo ndani, chukua logi na `$UsnJrnl` sasa hivi. Mihuri ya mafaili inaweza kungoja nakala ya diski ya kesho, lakini vitu hivyo viwili vinajiandika upya kila saa seva inapoendelea kufanya kazi.